Kuzindua kitabu pepe kwa wafanyabiashara wadogo: vionjo, bei ya siku chache, na namna ya kukifikisha kwa mnunuzi

Wanaotaka kuuza kitabu pepe kwa mara ya kwanza huniuliza mambo matatu, tena kwa mpangilio uleule. Nianze kuposti lini? Bei ya ofa niweke ngapi? Mtu akishalipa, namtumiaje? Swali la tatu huja mwisho, mara nyingi siku yenyewe ya uzinduzi, fedha zikiwa zimeshaanza kuingia. Mimi ningependa lije la kwanza. Mwenye biashara ndogo ananunua kitabu chako akiwa kazini, katikati ya mteja mmoja na mwingine. Amelipa, amerudi kuhudumia watu, na jioni akifungua simu akakuta hakuna kitu, anaanza kujiuliza kama ametapeliwa. Wala hatajiuliza peke yake, atawauliza na wenzake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza kuandika, anayeuza moja kwa moja kwa simu na baruapepe, bila duka la mtandaoni. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kitabu kinachomfundisha mwenye duka kufunga hesabu ya droo kila jioni. Kina maneno kama 9,000, pamoja na karatasi moja ya kujaza. Bei yake kamili tuiite 100 na bei ya uzinduzi 70, wewe utaweka fedha zako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Andiko lililokwisha kuhaririwa na mtu mwingine asiye wewe.
- Picha ya jalada inayosomeka hata ikiwa ndogo kama kidole gumba.
- Namba au akaunti ya kupokelea malipo, na uwe unajua jina litakalomtokea mlipaji.
- Namba ya WhatsApp ya kazi na anwani ya baruapepe.
- Watu watatu wenye simu tofauti, angalau mmoja awe na simu ya zamani.
- Daftari au jedwali la kuandikia oda.

Kama andiko bado, usitangaze tarehe. Uzinduzi ukisogezwa mbele, wale waliokuwa tayari kulipa hurudi wachache.

Hatua ya 1: Tengeneza faili la kusomwa kwenye simu

Wengi huandika kwenye ukurasa wa A4, wakahifadhi kama PDF, wakaona kazi imekwisha. Hebu piga hesabu. A4 ina upana wa milimita 210, na skrini ya simu ina upana wa kama milimita 70. Ukurasa unapobanwa ukae kwenye skrini, kila kitu kinapungua mara tatu, na herufi ya pointi 12 inaonekana kama ya pointi 4. Msomaji atalazimika kukuza na kusogeza kila mstari kushoto na kulia. Baada ya kurasa tano anafunga, na kitabu chako hakitasomwa tena.

Badili ukubwa wa ukurasa uwe A6, yaani milimita 105 kwa 148, na herufi ziwe pointi 14. Hapo herufi inaonekana kama ya pointi 9 kwenye simu, na hiyo inasomeka vizuri. Maneno 9,000 yatachukua takribani kurasa 80 za namna hii. Unapotangaza idadi ya kurasa, sema pia kwamba ni kurasa ndogo za simu, asije mtu akadhani ananunua kitabu kinene.

Aina nyingine ya faili la kitabu pepe, EPUB, nayo ni nzuri kwa kitabu cha maelezo matupu, kwa sababu maneno hujipanga upya kufuata skrini. Ila kitabu cha biashara huwa na majedwali, na majedwali hayo mara nyingi huvurugika ndani ya EPUB. Zaidi ya hapo, simu nyingi hufungua PDF bila kuhitaji programu nyingine. Baki na PDF.

Karatasi ya kujaza iweke kwenye faili lake la pili, hiyo ndiyo iwe A4, kwa sababu mtu ataichapisha na kuijaza kwa kalamu. Yape mafaili majina yanayoeleweka yakiwa kwenye simu ya mtu mwingine, kwa mfano `Funga-Hesabu-Toleo-1.pdf` na `Karatasi-ya-Kujaza.pdf`. Faili linaloitwa `final2_mpya.pdf` mnunuzi hatalipata tena baada ya wiki moja.

Hatua ya 2: Jaribu njia ya kufikisha kabla ya kutangaza lolote

Chagua njia kuu moja na ya akiba moja. Kwa wanunuzi wa namna hii, njia kuu ninayoipendekeza ni kutuma PDF yenyewe kama hati kwenye WhatsApp. Anaipokea palepale alipoulizia, na akishaipakua anaisoma hata akiwa hana intaneti. Njia ya akiba ni baruapepe. Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho vya hadi MB 25, na kitabu cha maneno kisicho na picha kubwa hakifiki hata karibu ya hapo. Chako kikizidi, punguza ukubwa wa picha kwanza.

Ukiamua kutumia kiungo cha Google Drive, angalia mpangilio wa kushiriki. Faili jipya huwa kwenye `Restricted`, na mnunuzi akibofya atakutana na maneno `You need access`. Badili iwe `Anyone with the link`, na haki iwe `Viewer`. Kisha fungua kiungo hicho kwenye simu isiyo na akaunti yako. Usijaribie kwenye simu yako mwenyewe, maana kwako kitafunguka siku zote.

Sasa waite wale watu watatu. Kila mmoja afanye kama mnunuzi: akuandikie, alipe kiasi kidogo ambacho utamrudishia, apokee faili, alifungue, afike ukurasa wa 10. Usimsaidie kwa lolote. Pale atakaposita na kukuuliza "Sasa nifanyeje?", ndipo maelezo yako yana pengo.

Baada ya jaribio, andika ujumbe wa aina tatu na uuhifadhi. WhatsApp Business ina sehemu ya majibu ya haraka, `Quick replies`, inayokuwezesha kuuita ujumbe mzima kwa kuandika alama ya / na neno fupi. Hii ni mifano unayoweza kuibadili:

*Akiulizia:* "Habari. Kitabu ni 70 hadi Jumapili saa 3 usiku, baada ya hapo ni 100. Lipa kwa namba hii: … Jina litakalotokea ni … Ukishalipa, nitumie jina lililolipia na saa uliyolipa. Nitakutumia kitabu hapahapa WhatsApp ndani ya saa 2. Malipo yakiingia baada ya saa 3 usiku, utakipata kesho yake kabla ya saa 3 asubuhi."

*Malipo yakionekana:* "Malipo yako nimeyapata, asante. Mafaili mawili yanafuata: kitabu, na karatasi ya kuchapisha. Bofya kitabu kipakuliwe, kisha kifungue. Kikifunguka, niandikie neno NIMEPATA."

*Asipojibu hadi kesho yake:* "Habari za leo. Nahakikisha tu kama kitabu kilifunguka. Kama kuna shida, niambie unatumia simu gani, au nipe baruapepe nikutumie huko."

Ujumbe huo wa tatu ndio watu wengi hawautumi. Kuna wanunuzi watakaoshindwa kufungua na wasiseme, wataona aibu au watakosa muda, na wewe utadhani mambo yako sawa.

Hatua ya 3: Panga bei na saa ya mwisho

Anza na bei kamili, ile ambayo utaitoza kweli mwezi ujao na mwaka ujao. Usiipandishe ili punguzo lionekane kubwa. Mfanyabiashara anaijua mbinu hiyo kuliko wewe, anaiona kwa wanaomuuzia mzigo.

Punguzo la asilimia 30 linatosha. Lakini ujue linakugharimu nini: wanunuzi 10 wa 70 wanaleta 700, sawa kabisa na wanunuzi 7 wa 100. Kwa hiyo pale ambapo ungepata 7, ofa ikuletee zaidi ya 10 ndipo uwe umefaidika. Ukishuka hadi nusu bei, utahitaji 14. Na ukiwa na watu wachache wanaokufuata, hao 14 huenda hawapo kwa bei yoyote.

Weka ukomo wa muda, si wa idadi ya nakala. Faili haliwezi kukwisha. Ukisema "nakala 50 tu zimebaki", msomaji makini anajua unaweza kutuma 5,000. Ukomo wa idadi unaaminika pale tu unapoambatana na kitu kinachokuchosha wewe mwenyewe, kwa mfano kuwakagulia daftari wanunuzi 10 wa kwanza.

Siku tano zinatosha. Mimi hupenda kufungua Jumatano saa 3 asubuhi na kufunga Jumapili saa 3 usiku. Angalizo: usifunge "Jumapili saa 6 usiku". Nusu ya watu wataelewa usiku wa kuamkia Jumapili, nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na utaamua ugomvi ambao umeuanzisha mwenyewe. Kama una wasomaji nchi nyingine, taja na saa ya nchi gani.

Amua mapema pia utamrudishia nani fedha. Kanuni yangu ni fupi: aliyeshindwa kukifungua kwa njia zote mbili, na aliyelipa mara mbili, anarudishiwa yote. Iandike kwenye tangazo.

Hatua ya 4: Toa vionjo kwa siku kumi

Ukifungua Jumatano, kionjo cha kwanza kitoke Jumapili, siku kumi kabla. Vionjo vitano, kimoja kila baada ya siku moja: Jumapili, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu. Jumanne ya mwisho iache wazi kwa kujibu maswali.

Kosa kubwa hapa ni kusifia kitabu. "Kitabu kitakachobadili biashara yako" ni maneno yanayoweza kusemwa juu ya kitabu chochote, kwa hiyo hayamwambii mtu chochote. Kionjo kinachouza ni kile ambacho mtu anaweza kukitumia jioni hiyohiyo bila kununua. Toa kipande kimoja kizima kinachofanya kazi. Usihofu kwamba umekitoa bure, kwani aliyeona hatua moja imemsaidia ndiye anayetaka zilizobaki.

Kwa kitabu chetu, kionjo cha kwanza kiwe swali tu:

"Leo umeuza bidhaa za 900. Jioni unahesabu droo, unakuta 560. Zile 340 ziko wapi? Kabla hujamlaumu mtu, andika majibu yako kwenye karatasi. Keshokutwa nitaweka hesabu nzima."

Cha pili kinatoa jibu, tena lote:

"Mauzo ni 900. Ondoa ya mkopo 250, ondoa waliolipa kwa simu 100, zinabaki taslimu 550. Ongeza chenji uliyoanza nayo asubuhi, 100, inakuwa 650. Ondoa 60 ulizotoa kumlipa aliyeleta mzigo, inakuwa 590. Droo ilipaswa kuwa na 590, ina 560. Kilichopotea ni 30, si 340. Hizo 30 zitafute leo, kesho hutakumbuka."

Kwenye siku mbili zilizo kati ya swali na jibu ndipo watu huanza kuandika. Wasome vizuri. Wakijibu "labda nimeibiwa", "labda nimesahau mkopo", unapata maneno yao wenyewe ya kutumia kwenye tangazo la siku ya kufungua.

Cha tatu kiwe picha ya karatasi ya kujaza ikiwa imejazwa kwa mkono, kwa tarakimu hizohizo. Karatasi tupu haimvutii mtu. Cha nne kiwe orodha ya yaliyomo, pamoja na sentensi inayosema kitabu hiki hakimfai nani: kwa mfano, anayetumia mashine ya mauzo inayofunga hesabu yenyewe hakihitaji. Sentensi hiyo itakupunguzia wanunuzi wachache na malalamiko mengi. Cha tano ni bei, siku ya kufungua, saa ya kufunga, namna ya kulipa na namna ya kupokea.

Kumbuka mipaka ya vyombo unavyotumia. Posti ya `Status` kwenye WhatsApp inaondoka baada ya saa 24, kwa hiyo aliyeikosa hairudii. Ujumbe wa orodha ya kutuma kwa wengi huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Ndiyo maana tangu kionjo cha kwanza uwaombe watu: "Hifadhi namba hii, jibu litatoka Jumanne."

Hatua ya 5: Siku tano za mauzo

Jumatano saa 3 asubuhi weka tangazo moja lenye kila kitu: kitabu kinafanya nini, ni cha nani, bei mbili, saa ya kufunga, hatua za kulipa, muda wa kupokea, na kanuni ya kurudisha fedha. Mtu asilazimike kukuuliza "bei gani?". Kila swali analolazimika kuuliza ni nafasi ya kuitwa na mteja wake na kusahau.

Fungua jedwali lenye safu hizi: jina la mnunuzi, namba au baruapepe, jina lililolipia, kiasi, saa ya malipo, saa uliyotuma, amethibitisha. Safu ya jina lililolipia usiiache, kwa sababu wengi watalipia kwa simu ya mke, mume au kijana wa dukani.

Hakikisha malipo kwenye salio au taarifa ya akaunti yako. Usitume kitabu kwa kuangalia picha ya ujumbe wa malipo, kwani picha hughushiwa, na ujumbe wa kughushi huweza kuonekana kama umetoka kwa mtoa huduma. Jibu kwa adabu: "Asante ndugu, nasubiri yaonekane kwangu, hayatachukua muda."

Kila jioni pitia safu ya mwisho. Ambaye hajaandika NIMEPATA mtumie ujumbe wa tatu siku inayofuata. Ukiona watatu wanalalamikia jambo lilelile, acha kuposti, rekebisha kwanza.

Katikati ya siku hizo mauzo hupoa, hasa Ijumaa. Usishushe bei tena. Walionunua Jumatano watajuta, na watakumbuka. Siku hiyo weka swali halisi la mnunuzi na jibu lake, na kama unaonyesha mazungumzo, funika jina, namba na picha yake.

Hatua ya 6: Funga

Jumapili toa vikumbusho viwili, asubuhi na saa 12 jioni. Saa 3 usiku badili bei kila mahali ilipoandikwa: tangazo, jibu la haraka, wasifu wako. Bei ya zamani ikibaki sehemu moja tu, mtu ataipata Jumatano ijayo na itabidi umuuzie kwa hiyo.

Kinachohesabika ni saa ya malipo, si saa ya ujumbe. Aliyelipa saa 2:55 akakuandikia saa 4 ana haki ya 70. Aliyeandika "nitalipa" saa 2 akalipa Jumatatu ni 100.

Mambo yakikwama

*Watu wanasifia vionjo lakini hawalipi.* Angalia wanaosifia ni akina nani. Wakiwa ni waandishi wenzako na marafiki, vionjo havijawafikia wenye maduka. Wakiwa ni wenye maduka wanaouliza namna ya kulipa kisha wananyamaza, pengo liko kwenye maelezo ya malipo. Lipa mwenyewe kwa simu nyingine ukifuata maneno yako neno kwa neno.

*"Hakifunguki."* Kwanza uliza kama kimeshapakuliwa. Kisha uliza nafasi kwenye simu, kwani simu iliyojaa haipakui hata faili dogo. Hapo ndipo utume kwa baruapepe. Usiweke nenosiri kwenye PDF kwa kuogopa wizi, litakuletea maswali mengi kuliko wezi litakaowazuia.

*Mtandao wa malipo umelala siku ya mwisho.* Tangaza hadharani kwamba unaongeza muda kwa wote, na taja saa mpya, kwa mfano Jumatatu saa 6 mchana. Usimwongezee mmoja kwa siri.

*Kitabu kinasambazwa bure.* Huwezi kukizuia kabisa. Kinachosaidia ni kuandika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza, "Nakala ya …", kabla ya kutuma. Kwa wanunuzi 30 ni kazi ya dakika chache kwa kila mmoja, na mtu husita kugawa kitu chenye jina lake. Wakizidi 100 kwa siku tano, acha, maana utaanza kuchelewesha.

*Umegundua kosa kwenye hesabu baada ya kuuza.* Sahihisha, ita faili `Funga-Hesabu-Toleo-2.pdf`, na umtumie kila aliye kwenye jedwali siku hiyohiyo, ukitaja ukurasa na kosa: "Ukurasa wa 31, jumla iliandikwa 640, sahihi ni 590. Futa toleo la kwanza." Kisha lifute toleo la kwanza kwenye simu yako na kwenye Drive, usije ukamtumia mnunuzi wa kesho faili lenye kosa.